Shikamoo Inayosubiri Marahaba: Uandishi wa Barua ya Video

Barua ya video ni ujumbe wa dakika chache ambao mtu aliye mbali hujirekodi akizungumza na kamera ya simu, kisha akautuma nyumbani ukatazamwe wakati watu wana nafasi. Si sawa na simu ya video. Kwenye simu, watu hupokezana maneno papo kwa papo, na aliyekosea husahihishwa hapo hapo. Kwenye barua ya video mmoja husema yote hadi mwisho, na wanaomsikiliza humsikiliza yeye akiwa hayupo, pengine amelala, pengine yuko jikoni kwa watu anaosha vyombo. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua jinsi maneno yake yanavyopaswa kuandikwa.

Ujumbe wa aina hii una ukoo wa zamani. Barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zilikuwa na mpango wake: kwanza kumtaja anayeandikiwa kwa heshima, kisha salamu, kisha neno la kuvuka, “wabaadu”, ndipo habari yenyewe. Barua za shuleni zilirithi mpango huo kwa “ama baada ya salamu”. Kampuni ya Philips ilipotoa kaseti ndogo mwaka 1963, sauti nayo ikapata bahasha. Katika miaka ya 1970 na 1980 wafanyakazi wengi waliokwenda nchi za Ghuba, kutoka Asia na Afrika, walirekodi kaseti na kuwapa wasafiri wazifikishe nyumbani. Faida yake ilikuwa kwamba mama asiyejua kusoma hakuhitaji tena kumwita mtoto wa jirani amsomee siri zake. Simu ya mkononi imeongeza uso juu ya sauti hiyo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini barua ihitajike wakati kila mtu ana WhatsApp. Sababu ya kwanza ni ya sheria. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu na Oman, simu za sauti na za video za WhatsApp zimezuiwa kwa muda mrefu, lakini ujumbe wa maandishi, wa sauti na video zilizorekodiwa hupita. Sababu ya pili ni saa za kazi. Mfanyakazi wa nyumbani mara nyingi hushika simu yake baada ya wenye nyumba kulala. Maskati iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja, kwa hiyo akimaliza kazi saa tano usiku, nyumbani ni saa nne na mtoto amelala zamani. Barua haijali saa. Hurekodiwa usiku, ikatazamwa kesho yake baada ya chai.

Njia rahisi ya kuona jinsi barua hiyo inavyojengwa ni kufuata moja tangu mwanzo. Mfano huu umetungwa kwa ajili ya maelezo: mwanamke wa Chake Chake, Pemba, anafanya kazi za nyumbani katika mtaa wa Sib, Maskati, na ana mwaka mmoja na nusu hajarudi. Nyumbani kuna mama yake, mama yake mkubwa, mdogo wake wa kiume, na mtoto wake mwenye umri wa miaka 6. Kuna simu moja nzuri, na ni ya yule mdogo wake.

Kabla ya kuandika neno lolote, inafaa kujua ni nani watakaosikia. Barua ya video haina msomaji mmoja. Simu itaegemezwa kwenye birika au kopo juu ya meza, watu watakaa kwenye mkeka, na mara nyingi jirani aliyepita kuomba chumvi naye atakaa. Chochote kitakachosemwa kitakuwa kimesemwa mbele ya wote. Kwa sababu hiyo kiasi cha fedha kilichotumwa, deni la duka, ugomvi wa mashamba na ugonjwa wa aibu havitajwi humo. Hayo hupelekwa kwa mtu mmoja, kwa ujumbe wa sauti wa pembeni, na mfanyakazi wa mfano huu humpelekea mdogo wake. Namba ya siri ya kuchukulia fedha ndiyo isiyofaa kabisa kutamkwa kwenye video, kwa kuwa video husambazwa kutoka gurupu hadi gurupu na hakuna awezaye kuirudisha. Habari ya msiba nayo haipelekwi kwa barua ya video. Kama ilivyokuwa zamani, hupelekwa na mtu mzima anayekwenda kwa miguu yake na kukaa na wafiwa. Iwapo msiba umetokea nyumbani na mfanyakazi hakuweza kurudi, barua yake huanza kwa pole, na salamu hufuata nyuma.

Linalofuata ni kupima urefu. Barua nyingi huharibika kwa kukosa kipimo: mtu hukaa mbele ya simu na kusema dakika 12, na mama husinzia dakika ya 6. Dakika 4 zinatosha. Msemaji wa Kiswahili asiye na haraka hutamka kama maneno 100 kwa dakika, kwa sababu maneno ya Kiswahili ni marefu, na neno moja kama “nimekutumia” lina silabi 6. Kati ya sekunde 240 za dakika 4, sekunde 50 hivi zitakuwa za kimya. Zinabaki sekunde 190, ambazo hubeba maneno 310 au 320. Hiyo ni karatasi moja ya daftari, upande mmoja na nusu wa pili. Kilichozidi hapo husubiri barua ijayo.

Sekunde 50 za kimya zaweza kuonekana nyingi, na hapo ndipo ilipo siri ya barua hii. Salamu ya Kiswahili haisemwi na mtu mmoja. Shikamoo isiyojibiwa haijakamilika, na “habari za huko?” ni swali linalodai neno. Mama atakapoiona sura ya mwanawe ikimwamkia, ataitikia kwa sauti, hata kama anajua fika kwamba anaongea na kioo. Msemaji asipompa nafasi, marahaba ya mama itagongana na sentensi inayofuata, na mama ataikosa. Akimpa nafasi, jibu huingia mahali pake, na mama huona kama mwanawe amemsikia. Uchangamfu wa barua ya video hautoki kwenye sauti tamu wala tabasamu. Hutoka kwenye vituo hivi vilivyopimwa.

Kwa hiyo karatasi huandikwa pamoja na alama. Mkwaju mmoja, /, ni pumzi moja. Mikwaju miwili, //, ni kuhesabu moja, mbili, tatu kimoyomoyo huku macho yakiwa kwenye kamera. “Marahaba” yenyewe ni ya sekunde moja, lakini mtu mzima huongeza: “Marahaba mwanangu, hujambo?” Hesabu ya tatu humtosha. Mwanzo wa barua ya Maskati basi unakuwa hivi:

“Asalamu alaykum. // Mama, / shikamoo. // Mama mkubwa, najua hukosi hapo, / shikamoo. // Mdogo wangu, / hujambo? // Ni mimi. / Nimemaliza kazi sasa hivi, / nimekaa chumbani kwangu. / Mimi sijambo. // Mama, / mguu unaendeleaje? //”

Mpangilio wa majina hapo haukuja kwa bahati. Mama mzazi ametangulia kwa kuwa barua ni yake, mama mkubwa amefuata ili asijione amesahauliwa ndani ya nyumba ya mdogo wake, na kijana amesalimiwa mwisho. Kila anayesalimiwa huitwa kwanza, ndipo maneno yake yafuate. Anayeitwa huhitaji muda wa kusogea na kuwanyamazisha wengine. Ukisema “nimefurahi sana kusikia umepona, mama mkubwa”, jina limekuja mwisho, na mwenye jina hakujua kwamba maneno yalikuwa yake mpaka yamekwisha kupita. “Mimi sijambo” nayo imesemwa mapema kwa makusudi. Mzazi wa mtu aliye ughaibuni haisikii habari nyingine yoyote kabla ya kulisikia hilo, na macho yake wakati huo yanakagua kama mwanawe amekonda.

Baada ya salamu barua huvuka kwenda kwenye habari. Hapa wengi hukosea kwa kutaka kusema yote: hali ya hewa, kazi, chakula, rafiki aliyesafiri, bei za vitu. Orodha ya mambo kumi hutoka akilini mara simu inapozimwa. Kisa kimoja, chenye mtu ndani yake na chenye kitu kinachoweza kushikwa, husimuliwa tena nyumbani mwezi mzima. Kisa kizuri zaidi ni kile kinachomgusa msikilizaji mwenyewe:

“Ama baada ya salamu, // mama, huku joto limeanza. / Saa nne asubuhi kitasa cha mlango wa nje hakishikiki. // Leo nina kisa kimoja tu. / Nyumba hii ina bibi mzee. / Amezaliwa Unguja, / akaondoka msichana. / Kiswahili chake kimenishinda mimi. // Ijumaa aliniita, / akaniambia, ‘Nataka bokoboko, lakini la kwetu.’ // Nikalipika ulivyonifundisha. / Ngano nimeilowesha usiku kucha, / nimeliponda mpaka mkono ukaniuma. // Akaonja. / Akanyamaza. / Kisha akaniuliza, / ‘Nani kakufundisha?’ // Nikamwambia, mama yangu, / yuko Pemba. // Anakusalimu.”

Maneno hayo hayafiki 70, yaani ni kama dakika moja na kidogo pamoja na vituo vyake. Ndani yake mama amepata mengi bila kuhutubiwa: mwanawe anakula, anapika, kuna mtu ndani ya nyumba ile anayesema naye lugha moja, na kazi ina maumivu yake ya mkono. Bokoboko lenyewe ni daraja la kweli kati ya pande hizo mbili, kwani chakula hicho cha ngano na nyama iliyopondwa Oman huitwa harisi, na waliozaliwa Zanzibar na kuhamia Oman, ambao si wachache, wanalijua kwa jina lake la Unguja. Sentensi ni fupi. Inayozidi maneno 12 hivi humlazimisha msemaji kuvuta pumzi katikati, na mtu anayevuta pumzi katikati ya sentensi husikika kama anayesoma.

Zingatia pia kwamba kisa hakikumtaja mwenye nyumba kwa jina, wala mtaa, wala mshahara. Hilo ni jambo la usalama zaidi kuliko adabu, na litarudi mbele.

Sehemu ya mtoto ina sheria zake. Mtoto wa miaka 6 hawezi kukaa dakika 4 akisubiri zamu yake, kwa hiyo baadhi ya waandishi humweka mara tu baada ya salamu za wazee, na hilo ni bora kuliko kumwacha mwisho. Katika mfano huu anawekwa baada ya kisa kwa kuwa mdogo wa mama yake amekubali kumwita wakati huo ukifika. Umri ni jambo la kuangaliwa. Watafiti wa makuzi ya watoto wameona kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili hujifunza machache kutoka kwenye kioo akilinganishwa na mtu aliye naye chumbani, na kwamba kurudia kutazama humsaidia. Mtoto mdogo namna hiyo hafai kuandikiwa maneno mengi. Wimbo mmoja ule ule katika kila barua, na mtu mzima wa kumshika na kumwonyesha, ndivyo vitakavyomfanya aizoee sura. Wa miaka 6 anahitaji kazi ya kufanya:

“Baba, / mwanangu, / njoo karibu na simu. // Umekuja? // Meno yaliyotoka ni mangapi? / Nionyeshe kwa vidole. // // Ala! / Yote hayo? // Haya, tazama hiki. // Ile mashua uliyonichorea. / Nimeibandika ukutani, / nikiamka naiona. // Haya baba, / nenda kacheze.”

Mama hapo anainua karatasi yenye mchoro na kuishika kwa hesabu ya tano, bila kuitikisa. Kitu kinachoonyeshwa lazima kikae kimya karibu na uso, kwa sababu kamera ya simu huchukua muda kidogo kukilenga. Na mtoto anaruhusiwa kuondoka. Mwandishi asiyemruhusu atamsikia akigombezwa nyumbani, “Kaa umsikilize mama yako”, na barua itageuka adhabu.

Hatari kubwa iko kwenye ahadi. Barua ya video huhifadhiwa na kurudiwa, na mtoto huirudia zaidi ya wote. “Nitakuja Idi” iliyosemwa mara moja kwenye simu husahaulika, lakini iliyosemwa kwenye video husemwa kila siku mpaka Idi ifike na ipite. Safari ya mfanyakazi wa nyumbani hutegemea mwisho wa mkataba, ruhusa ya mwajiri na tiketi, na mara nyingi hakuna hata kimoja kilicho mkononi mwake. Kwa hiyo barua husema lililo hakika tu: “Mkataba unakwisha baada ya Idi Kubwa. / Tarehe ya safari haijatoka. / Ikitoka, / mtaisikia kwangu.” Maneno “nikijaaliwa” na “inshallah” hayaiponyi ahadi iliyopitiliza, maana mtoto huyasikia kama sehemu ya tarehe.

Karatasi ikikamilika, husomwa kwa sauti mara mbili tatu bila simu, kisha huwekwa mbali na jicho. Hapa kuna maoni mawili. Wapo wanaobandika karatasi nyuma ya simu na kuisoma neno kwa neno. Macho yao yanaonekana yakitembea kutoka kushoto kwenda kulia kama ya mtoto wa darasa la pili. Wapo wanaosema kwa kichwa tu, na hao husahau mama mkubwa. Njia ya kati ndiyo inayofaa: karatasi ndogo yenye maneno sita au saba kwa herufi kubwa, yaani SALAMU, MGUU, BOKOBOKO, MENO, MASHUA, MKATABA, MBUZI, ibandikwe karibu kabisa na kamera, juu yake au pembeni. Jicho likishuka kidogo, anayetazama haoni kosa. Jicho lenyewe linapaswa kutazama kitundu cha kamera na si sura yake mtu kwenye kioo. Anayejitazama mwenyewe huonekana nyumbani kama anayewatazama kifuani. Kipande kidogo cha karatasi ya rangi kilichobandikwa kando ya kamera hulivuta jicho mahali pake.

Mahali pa kurekodia hupatikana kwa masharti, si kwa kuchagua. Chumba cha mfanyakazi mara nyingi ni kidogo, chenye vigae na kiyoyozi kinachovuma. Vigae hurudisha sauti, na mvumo wa kiyoyozi ndio unaowaonea zaidi wazee, ambao masikio yao hupoteza kwanza sauti nyembamba kama za s na f. Kiyoyozi kizimwe kwa zile dakika 4. Blanketi litandikwe mbele ya msemaji au litundikwe ukutani. Maikrofoni ya simu nyingi iko chini karibu na tundu la chaji, na mkono usiizibe. Mwenye vipokea sauti vya waya vyenye maikrofoni akivivaa atapata sauti iliyo karibu zaidi. Taa iwe mbele ya uso; mwenye taa au dirisha nyuma yake hugeuka kivuli cheusi, na mama atakosa kile alichokitafuta kwanza, yaani mashavu. Simu iegemezwe kwenye kitu kilicho imara, kamera ikiwa usawa wa macho, umbali wa mkono mmoja ulionyooshwa. Ikisimamishwa wima, ibaki wima hadi mwisho.

Ukuta ulio nyuma unasema pia. Aliyejirekodi sebuleni kwa mwajiri, mbele ya kochi la dhahabu na taa ya kioo, amewaambia nyumbani bila kutamka kwamba anaishi humo, na maombi yatakayofuata yatalingana na kochi. Kuna na sheria. Oman kwa sheria yake ya makosa ya mtandao ya mwaka 2011, na Falme za Kiarabu kwa sheria yao ya mwaka 2021, zinaadhibu kupiga picha watu katika faragha yao bila ridhaa. Mtoto wa mwajiri aliyekatiza nyuma ya kamera, hata kwa sekunde mbili, anatosha kuleta kesi endapo video itasambaa. Ukuta mtupu wa chumba cha kulala ni salama, na mlango ufungwe.

Kabla ya barua yenyewe hurekodiwa sekunde 20 za majaribio. Jaribio hilo halisikilizwi kwa kuweka simu sikioni, kwa maana nyumbani hakuna atakayeisikiliza hivyo. Simu huwekwa juu ya kitanda, msemaji husimama hatua tatu mbali na kusikiliza kwa spika ya simu. Neno lisilosikika hapo halitasikika Pemba, ambako kuna feni, kuku na pikipiki njiani. Kasi nayo hupimwa kwa njia ile ile: msemaji hujibu salamu zake mwenyewe kwa sauti, kama angekuwa mama. Akijikuta anakatwa kabla ya kumaliza “marahaba mwanangu”, vituo ni vifupi. Akijikuta anasubiri na kuona haya, ni virefu mno, na hilo hutokea mara chache.

Wakati wa kurekodi, machozi yanaweza kuja, na hasa kwenye jina la mtoto. Barua yenye machozi kidogo si mbovu, lakini mama aliye mbali na asiyeweza kupiga simu kuuliza atakesha. Anayelia husimamisha kurekodi, hunawa uso, na kuanza upya sehemu ile tu. Vipande viwili au vitatu vinavyotumwa kwa mfuatano havina ubaya wowote, na mara nyingine vinafaa zaidi kuliko kimoja, kama itakavyoonekana. Ikiwa machozi yana sababu, kwa mfano mshahara haulipwi au pasipoti imezuiwa, barua ya mkekani si mahali pake. Hilo hupelekwa kwa maandishi kwa mtu mmoja anayeweza kwenda ofisini na kuzungumza, pamoja na tarehe na nakala ya mkataba. “Mimi sijambo” ya kwenye video haipaswi kusomwa na familia kama ushahidi kwamba hakuna tatizo. Ni salamu.

Baadaye huja suala la uzito. Kwenye aina ya simu inayoonyesha hesabu zake waziwazi, yaani iPhone, dakika moja ya 1080p kwa picha 30 kwa sekunde huchukua MB 60 hivi katika mfumo wake wa kubana, na 720p huchukua MB 40. Barua ya dakika 4 basi ni MB 240 au 160. WhatsApp huibana tena kabla ya kuituma, kwa hiyo kinachofika ni kidogo zaidi, ila uso hupoteza ukali wake. Kwa mama anayetazama kwenye kioo cha simu, 720p inatosha kabisa, na bando la mdogo wake litashukuru. Anayetaka video ifike jinsi ilivyo huituma kama faili badala ya kuituma kama video. WhatsApp ilipandisha kikomo cha mafaili hadi GB 2 mwaka 2022. Faili la MB 240 kwenye bando la siku, hata hivyo, linaweza kulimaliza lote kabla ya salamu kwisha. Vipande vitatu vya dakika moja na sekunde 20 husaidia hapa: kimoja kikikwama, viwili vingine vinafika, na cha mtoto kinaweza kurudiwa peke yake. Kile chaguo cha kutazamwa mara moja tu hakifai kwa barua, kwani mama ataitaka tena jioni.

Simu ya nyumbani nayo hujaa. Mwaka wa barua za kila wiki mbili ni barua 26, na siku simu itakaposema haina nafasi, kijana mwenye haraka atafuta zilizo kubwa kwanza. Memori kadi ya bei ndogo, iliyotengwa kwa barua tu, na jina la faili lenye tarehe, huziokoa.

Mwisho wa maneno umeachwa kwa makusudi mpaka hapa, kwa sababu una kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuaga. Wengi humaliza sentensi na kunyoosha mkono papo hapo kuzima, na kitu cha mwisho ambacho mama hukiona ni kiganja kikubwa kinachomfunika mwanawe. Baada ya neno la mwisho, msemaji hubaki akitazama kamera kwa hesabu ya tano, kisha ndipo azime. Kazi ya pili ni kujua kama barua imefika. Alama mbili za buluu za WhatsApp huonyesha kwamba ujumbe umefunguliwa na mwenye simu, basi. Haziambii kama mama aliitwa, wala kama alitazama hadi mwisho. Kwa hiyo swali moja huwekwa katika sekunde za mwisho, lenye jibu ambalo aliyetazama mwanzo tu hawezi kulitoa:

“Haya mama, / nakuaga. / Niombee. // Yule mbuzi mweusi, / amezaa wangapi? // Nijibu. / Kwa heri ya kuonana. //”

Kesho yake saa tano usiku, Sib, simu inawashwa. Mdogo wake akiwa ameandika “tumeiona, tumefurahi sana”, barua ilifunguliwa. Kukiwa na ujumbe wa sauti wa sekunde nne, wa mama, unaosema “wawili, mmoja jike”, barua imefika.